Kijitabu cha Chujio la Mahege

Kijitabu cha Muzdalifa cha kufundisha matumizi ya chujio la maji kilikuwa na kurasa nane tu, lakini kila neno alilipima kama mpishi anavyopima chumvi. Maneno ya kitaalamu aliyatupa yote. Akaandika: "Maji hupita polepole kwenye chungu cha udongo. Uchafu na vijidudu hubaki juu, maji safi hudondokea kwenye ndoo ya chini. Fungua bomba, unywe." Hata aliyeishia darasa la nne angeelewa, na Muzdalifa alikuwa na haki ya kujivuna kidogo.

Kujivuna kwenyewe kulidumu wiki tatu. Machujio matano yalikuwa yamepelekwa Mahege kwa majaribio, na manne hayakutoa maji. Abdulaziz, mkuu wa mradi, akamwita ofisini kwake pale Kibiti.

"Wale akinamama hawasomi," alisema. "Kesho naamua. Kama hali ndiyo hii, machujio mia tatu yaliyobaki nayapeleka wilaya nyingine."

Muzdalifa akakodi bodaboda akaenda Mahege, moyo mzito. Alianzia kwa Bi Habiba, mjane anayelea wajukuu watatu wanaokunywa maji ya kisima cha wazi kule bondeni. Mdogo wao alikuwa ameugua kuhara mara mbili kabla chujio halijaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta. Nimeharibu kitu cha watu." Bi Habiba hakumtazama usoni. "Wiki nzima nachemsha maji kwa kuni, watoto wasidhurike. Kusema niliona haya."

Chujio lilikuwa juu ya meza, limefunikwa, ndoo inang'aa. Chungu kilikuwa kimejaa tangu alfajiri na ndoo ya chini haikuwa na maji ya kujaza hata kikombe. Muzdalifa akatafuta ufa, hakuuona. Akamwomba mwenyeji wake alisafishe kama anavyolisafisha siku zote, yeye atazame tu.

Basi aone kazi. Bi Habiba alivaa miwani, akafungua kijitabu ukurasa wa tano, akaweka kidole chini ya mstari na kufanya linalosemwa kabla ya kusogeza kidole. Alinawa mikono kwa sabuni. Alikitoa chungu kwa kushika ukingo, asiguse chini. Alikisugua ndani kwa brashi, bila sabuni, kwa maji aliyoyachemsha yakapoa. Ndoo aliiosha kwa sabuni na kuisuuza kwa maji yale yale. Muzdalifa, aliyeandika maneno yale, hakuwahi kuyafuata kwa adabu kiasi hicho. Mapenzi yalimjaa, akaona aibu kwa niaba ya Abdulaziz.

Kidole kikafika mwisho wa ukurasa. Bi Habiba akafunga kijitabu, akachukua chetezo chenye makaa, akadondosha ubani, akakiinamisha chungu juu ya moshi.

"Mama, hapo unafanya nini?"

"Nakifukiza. Chombo cha maji ya kunywa hakiachwi bila kufukizwa, na leo nina mgeni."

"Na wenzako?"

"Nani atampa mgeni maji yasiyonukia? Yule Mwantum tu ndiye hafukizi, ubani humpa chafya."

Chujio la Mwantum ndilo pekee lililokuwa likifanya kazi. Muzdalifa akaketi chini kwenye mkeka.

"Mama, udongo huu una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupita humo. Moshi na utomvu wa ubani huviziba."

Bi Habiba akafungua tena ukurasa wa tano. "Mbona kitabu hakikusema?"

"Hakikusema. Sikuandika."

Wakakisugua tena, mara tatu, mpaka weusi ukatoka na udongo ukarudi rangi yake. Wakachuja maji kwa kitambaa safi, wakajaza, wakasubiri. Baada ya saa moja Bi Habiba akafungua bomba: ikajaa chupa ya lita moja, na maji mengine yakabaki.

Muzdalifa akampigia simu Abdulaziz. "Kosa ni langu, bosi. Moshi wa ubani umeziba vyungu, na kitabu hakikukataza. Hawa akinamama wamefuata kila neno. Wamekwama pale nilipoishiwa maneno mimi. Naongeza mstari, machujio yaliyobaki yaje Mahege."

Abdulaziz akajibu: "Andika. Kesho asubuhi kiende kupigwa chapa."

Alitoa kalamu, akaandika: "Ni marufuku kufukiza chungu cha chujio." Bi Habiba akausoma, akatikisa kichwa.

"Ukiwakataza hivyo, watafukiza kwa siri. Wape pa kufukiza. Andika hivi: Fukiza jagi safi lenye mfuniko, kisha kinga maji ya bomba la chujio humo. Chungu usikifukize, kitaziba."

Muzdalifa akakata mstari wake, akaandika ule, neno kwa neno. Alipoinua kichwa, Bi Habiba alikuwa amekwishajitanda khanga, brashi mkononi, anaelekea nyumba ya pili.

"Njoo na kitabu," alisema. "Wenzangu nao wanaona haya, na mpaka sasa hakuna aliyewaambia kwamba hawana kosa."