Jina Alilolifuta Émile

Émile alikuwa na tai, mashine ya kuandikia na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Mimi nilikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha binti yangu Wivine, na hasira.

Mume wangu, Godefroid Mulenga, alifia kazini Ndola, upande wa Waingereza. Wivine alikuwa huko naye. Léonard, mdogo wake Godefroid, akakataa kunirudishia mtoto. Akawaambia wakubwa wa boma kwamba sikuwa mke, nilikuwa mwanamke wa kupita tu. Mshenzi! Boma likaagiza nilete vyeti kwa Kiingereza, vyenye mihuri.

Nikazunguka Élisabethville, kwetu upande wa Wabelgiji, mpaka viatu vikaisha. Padri alinipa nakala kutoka vitabu vya parokia. Ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, ikathibitisha sahihi ya padri, ofisi ya jimbo ikathibitisha sahihi ya teritware. Kila mzungu alimshuhudia mwenzake, na mimi niliyezaa sikuwa na wa kunishuhudia. Ndipo Émile, mtafsiri aliyeapishwa, akatafsiri yote, hata maneno ya mihuri.

Kwa konsula wa Waingereza, karani aliweka karatasi mbili, cheti cha mtoto na tafsiri ya Émile, kando kwa kando.

"Huku Wivine Kabwe, huku Wivine Mulenga. Mutoto iko moja ao babili?"

Hawakugonga muhuri. Nilirudi kwa Émile.

"Mama Hortense, nilikusaidia," akasema. "Kwa Bangereza mutoto anabeba jina ya baba. Bakiona Kabwe, batasema ni mutoto wa muntu mwingine."

"Nani alikutuma kusaidia? Kazi yako ni kuandika yenye iko! Kabwe ni mama ya Godefroid. Alimupa mutoto jina ya mama yake, vile tunafanya sisi bote. Na wewe, unabeba jina ya baba yako?"

Akarekebisha tai yake. Hata yeye alibeba jina la babu yake. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamkazia macho mpaka alipoandika upya na kusaini. Safari hii konsula akagonga.

Bomani Ndola, Léonard hakuona haya hata kidogo.

"Huyu mwanamke simjui," akasema. "Karatasi zake ni za mtoto mwingine."

Mkubwa wa boma alisoma karatasi, kisha akamuuliza Léonard kupitia mkalimani: "Huyu mtoto mnamwitaje?"

"Kabwe," akajibu haraka, maana nyumbani wote walimwita hivyo.

"Ni jina la nani?"

Akatazama chini. "La mama yangu."

"Nani alimpa?"

"Kaka yangu."

Mkubwa akamgeuzia karatasi. Baba, Godefroid Mulenga. Mama, Hortense. Mtoto, Wivine Kabwe. Kisha akaamuru nipewe mtoto.

Nikamshika mwanangu mkono, nikatoka bila kumuaga Léonard. Ile karatasi ya kwanza ya Émile, yenye Wivine Mulenga, ingefika pale, ningerudi mikono mitupu. Mpaka leo nikimwona Émile na tai yake navuka barabara, nisije nikamnyonga nayo.