Sura ya Ketsia, Masikio ya Mwingine

Siku ile niliingia darasani na hasira mpaka chaki ikanivunjikia mukononi. Ketsia, mwanafunzi wangu wa mwaka wa sita, alikuwa amesimama inje, amefukuzwa, na egzame ya serikali ilibakiza siku tisa. Kosa lake: video iliyozunguka muji muzima wa Baraka, ati ni yeye anakunywa pombe na kucheza ndani ya nganda, baa ya mutaani. Prefe wetu, Jacques, mukubwa wa masomo, aliiona akasema macho hayadanganyi.

Macho yake, labda.

Nikamuita mbele ya darasa. "Prefe, niazime sura yako dakika kumi. Nikimaliza nafuta." Mutu wa kiburi hawezi kukataa mbele ya batoto. Akakubali.

Nikamupiga picha moja tu. Halafu Nadège wa kiti cha mbele akanichukua video nikicheza na chupa tupu. Nikaviweka vyote viwili ndani ya programu moja ya telefone yangu.

"Video ni picha nyingi zinazofuatana mbio," nikaeleza. "Programu ilijifunza juu ya sura nyingi sana. Kwa kila picha inatafuta macho yangu, pua, mudomo, inajua nimegeukia wapi. Kisha inachora sura ya Prefe imegeuka vile vile, inacheka vile mi nacheka. Inalinganisha mwanga, inalainisha mipaka. Basi."

Tukangojea. Prefe akajiona kwenye telefone anakata kiuno na chupa. Darasa likacheka; yeye hapana.

"Lakini masikio ni ya Mwalimu," Nadège akasema. Kweli, masikio yangu ni makubwa, siku zote wananisema.

"Ndiyo hapo. Hii inabadilisha uso, si masikio, si shingo, si mikono. Zingine zinabadilisha kichwa kizima, kwa hiyo musitegemee masikio kila mara. Muulize kwanza nani ameituma, na kwa nini."

"Na picha ya Ketsia waliitoa wapi?" Nadège akauliza.

Swali hilo liliniuma. "Kwangu. Ile ya bafinalisti, batoto ba mwaka wa sita, niliyoweka kwenye grupu ya bazazi. Nilifikiri naringia batoto wangu."

Prefe akafungua ile video tena. Mwanamuke yule alivaa hereni ndefu. Kanisa la kina Ketsia halikubali binti atobolewe masikio. Miaka sita wenzake wamemucheka kwa hiyo, na Prefe anajua. Tukamuita Ketsia ndani. Prefe akaangalia sikio moja, akaangalia lingine.

"Kaa kwa kiti chako," akasema. Kisha akanigeukia: "Na yangu ufute."

Nikafuta mbele yake. Ketsia hakukaa.

"Prefe, ile video yangu uliituma kwa papa yangu, kule Kazimia?"

"Niliituma."

"Mumupigie sasa, tafazali. Hapa, nisikie."

Prefe akapiga, sauti wazi. Akasema anapiga juu ya Ketsia. Papa yake akajibu kwamba hana mutoto wa jina hilo.

Kidole cha Prefe kikaenda kukata. Nikamushika mukono.

"Usikate," nikamuambia. "Anza na masikio."