Mashavu ya Tryphena

Mama aliyeingia studio asubuhi ile hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya Kaveke na kuweka karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua na kuinyoosha kwa kiganja. Juu iliandikwa AMEPOTEA kwa herufi kubwa nyekundu. Chini yake palikuwa na picha ya msichana aliyevaa sweta ya shule.

"Picha hii ilipigwa hapa," alisema. "Naitwa Everlyne, nimetoka Ronge. Huyu ni binti yangu."

Kaveke aliitambua kazi yake kabla hajamtambua msichana. Uso ulikuwa laini kama maziwa ya unga yaliyokorogwa, paji na mashavu rangi moja, hata pua haikuwa na kivuli cha kutosha. Pale tu taya lilipokutana na shingo ndipo ngozi ya binadamu ilipoanza.

"Amepotea lini, Mama?"

"Leo siku ya kumi na moja. Nilikwenda polisi nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, wakaniomba picha, nikawapa hii maana ndiyo niliyokuwa nayo. Kaka yangu akatengeneza bango kwa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, likabandikwa Voi, Mwatate, mpaka Taveta. Hakuna aliyepiga simu." Aliinyoosha karatasi tena. "Jana baada ya misa mwalimu wa Tryphena akaniuliza, mtoto huyu kwenye bango ni nani. Mwalimu wake, ambaye amemfundisha miaka mitatu."

Kaveke aliitazama picha tena.

"Nataka ile picha ya kwanza. Kabla hujaipiga pasi."

Ile siku ya Machi Kaveke aliikumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Tryphena alikuja peke yake, msichana wa kidato cha nne mwenye sauti ndogo, akaomba picha moja nzuri ya kumaliza shule. Alikuwa na chunusi zilizopona vibaya. Mashavu yote mawili yalikuwa yametoboka vishimo, vingine vyembamba na virefu kwenda ndani kama vimechomwa na kijiti, vingine vipana vyenye kingo. Alipoketi kwenye stuli aliuinamisha uso upande, na Kaveke akamwambia aunyanyue, taa haitamla.

Kaveke alikuwa na miaka minane katika kazi hii na aliijua. Alimketisha msichana kando yake na kuanza kama inavyotakiwa. Kwanza aliacha picha halisi chini na kufanya kazi kwenye nakala juu yake. Nakala ile akaigawa matabaka mawili: moja lilibeba rangi na vivuli, jingine likabeba ngozi yenyewe, vitundu vyake na vinyweleo. Kwenye lile la vivuli alisawazisha madoa mekundu polepole kwa brashi laini. Kwenye lile la ngozi alichukua kipande kizima cha shavu hilohilo, karibu na kovu, akakiweka juu ya ukingo mkali wa shimo. Kisha akaingia kwenye mashimo moja baada ya jingine. Kovu la shimo linaonekana kwa sababu ya mwanga tu: upande mmoja una giza, upande wa pili unang'aa. Akalififisha giza kidogo, akaushusha mng'ao kidogo, kwa brashi hafifu mno kiasi kwamba mpigo mmoja hauonekani. Kila baada ya dakika chache alirudisha picha nyuma ikawa ndogo, aone kama bado ni uso wa mtu.

Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza, Tryphena alionekana kama amelala vizuri wiki nzima. Makovu yalikuwepo, lakini ilibidi uyatafute, na mashavu yalikuwa na vitundu vyake vyote. Kaveke alijivunia picha ile.

"Bado yanaonekana," msichana alisema.

"Nikiyatoa yote utakuwa kama mdoli wa plastiki. Hata mamako hatakujua."

"Yatoe tu, dada."

"Tryphena, hii ndiyo nzuri. Niamini."

Msichana hakubisha. Alianza kulia bila sauti, mikono ikiwa magotini, wala hakuyapangusa machozi. Nje kulikuwa na kwaya nzima ya kanisa ikisubiri kupigwa picha na mwenye studio alikuwa ameshachungulia mlangoni mara mbili. Kaveke akabonyeza kile kitufe cha kulainisha ngozi, akakivuta mpaka mwisho, akabonyeza tena. Vitundu vikayeyuka pamoja na makovu. Akayabana matabaka yote yakawa picha moja, akahifadhi kwa jina lilelile, juu ya ile ya kwanza. Tryphena akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Picha ikatumwa kwa simu yake na simu ya mama yake, nyingine ikachapishwa.

Sasa mama alikuwa amesimama hapa anaomba ile ya kwanza.

Kaveke alifungua faili. Akatafuta kwenye diski ya akiba, akijua kwamba hatakuta. Memori kadi ilikuwa imefutwa Ijumaa ya wiki ileile kwa ajili ya harusi, na tangu hapo imejazwa na kufutwa mara nyingi. Alijaribu hata ile programu ya kufufua picha zilizofutwa, ikamletea maharusi na keki.

"Sina, Mama," alisema hatimaye. "Nilikuwa nayo. Nilikuwa na nyingine pia, nzuri, iliyofanana naye kabisa. Nilihifadhi hii juu yake."

Everlyne alimtazama kwa muda mrefu. Kaveke alingoja kukaripiwa, na karibu alitamani iwe hivyo.

"Hakuna nyingine nyumbani," Everlyne alisema. "Kwa simu yangu yupo akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hizo chunusi zimtoke hakukubali kupigwa picha. Akijipiga mwenyewe, simu inamlainisha hivihivi." Ndipo akaketi. "Wewe unajua kutoa. Hujui kurudisha?"

Kaveke alimweleza alivyoweza. Kwamba kilicholainishwa namna ile hakijajificha mahali, kimekwisha. Kwamba kompyuta ikiambiwa inoe picha itanoa ulaini ule ule. Anachoweza ni kubuni, na kubuni si kurudisha.

"Basi tubuni," mama akasema. "Mimi nitakuonyesha."

Walikaa hadi saa nane mchana. Kaveke alichukua ngozi ya shingoni, mahali pekee ambapo kile kitufe hakikufika, akaipandisha mashavuni. Haikukaa vizuri, vitundu vya shingo ni vidogo na vimelala upande mwingine, akaipunguza nguvu mpaka ikakubalika. Halafu Everlyne akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa palikuwa na kikubwa. Cha mviringo. Hapa chini vitatu vimefuatana."

Kaveke alifanya kazi yake yote kinyumenyume. Pale alipokuwa amefifisha giza, sasa alilikoleza. Taa ilitoka kushoto juu, kwa hiyo kila shimo alilipa giza upande wa kushoto, ndani ya ukingo, na mstari mwembamba wa mwanga upande wa kulia. Kidole cha mama kilitangulia, brashi ikafuata. Mara nyingine kidole kilisita.

"Hiki kilikuwa huku ama huku?" Everlyne alijiuliza, akigusa shavu lake mwenyewe. "Nilimpaka dawa kila jioni miezi sita. Nitasahauje?"

"Pole pole, Mama. Tukikosea tunafuta."

"Alikuwa akiniambia nisimwangalie wakati napaka. Nikawa sitazami sana."

Baada ya hapo hakuonyesha tena kwa muda. Kaveke akanywa maji asiyoyahitaji.

Walipomaliza, kwenye kioo alikuwepo msichana mwenye makovu. Kwa mbali ungesema ndiye. Kwa karibu, Kaveke aliona kila mpigo wa brashi, na alijua kwamba makovu ya kweli hayakuwa na utaratibu namna ile.

"Siye sawasawa," Everlyne alisema. "Lakini anakaribia kuliko yule mwingine."

Mabango mapya yaliondoka siku hiyohiyo. Kaveke aliyabandika ya Voi mwenyewe, sokoni na stendi, akibandua yale ya zamani. Ya Taveta yalikwenda na dereva aliyemfahamu.

Siku ya tatu simu ililia, Everlyne akiwa pale studio, maana alikuwa amezoea kupita akishuka kwenda polisi. Namba asiyoijua. Akaiweka kwa sauti ya juu ili Kaveke asikie pia.

"Naitwa Koki," mwanamke alisema. "Nina hoteli ndogo hapa Taveta, karibu na soko. Huyu msichana kwenye karatasi mpya, mimi namjua. Alikaa kwangu siku sita, akiosha vyombo. Alisema anaitwa Mable."

Everlyne alishika ukingo wa meza. "Yuko hapo?"

"Ameondoka, mama. Leo ni siku ya nne. Walimwona akivuka mpaka na wanawake wa kuuza nguo kwenda Holili, upande wa Tanzania."

Koki akaendelea, sauti ikiwa imeshuka.

"Mimi nina jambo limenikaa. Lile bango la kwanza lilikuwa mlangoni kwangu wakati wote. Mimi nililikubali libandikwe. Siku moja akiwa anapangusa meza nikamwonyesha, nikamwambia, ona mtoto mzuri namna hii, na ngozi yake, sijui nini kilimtoa kwao. Akaliangalia. Akasema, kweli ni mzuri. Akaendelea kupangusa. Kesho yake asubuhi sikumkuta."

Kaveke alijikuta ametazama mikono yake.

"Alikuwa anakula?" Everlyne akauliza.

"Alikuwa anakula."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama. Alipenda muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Nilimwekea ya kutosha."

"Asante," Everlyne alisema. "Asante sana." Akaendelea kulisema neno hilo hata baada ya Koki kukata.

Polisi wa Taveta walizungumza na wenzao wa upande wa pili. Waliahidi kuangalia. Kaka yake Everlyne alivuka mwenyewe na mabango hamsini, akafika Himo hadi Moshi mjini, akarudi baada ya wiki amevimba miguu. Wanawake wa nguo walikuwa wengi, na hakuna aliyemkumbuka msichana aliyeinamisha uso. Mitihani ya kidato cha nne ilianza, ikaisha.

Kaveke alimwambia mwenye studio akiondoe kile kitufe kwenye kompyuta. Mwenye studio alimjibu kwamba wateja ndicho wanachokitaka, na ni kweli, ndicho wanachokitaka. Sasa anahifadhi kila picha halisi kwenye diski yake mwenyewe, ameandika majina na tarehe. Haimsaidii Tryphena.

Everlyne bado hupita. Wakati mwingine huomba picha ifunguliwe, husogeza kiti, hutazama.

"Kile cha chini ya jicho," alisema juzi, "nadhani kilikuwa zaidi huku."

Kaveke alikisogeza.

"Hapana," Everlyne akasema. "Rudisha. Sijui."