Mboni na Nafasi ya Laki

Jumatano hiyo, saa nane mchana, nilikuwa nimeshafundisha vipindi sita na sauti imekauka. Shule yetu iko Mkolani, na darasa langu la nne lina watoto mia moja na tisa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Chenge, akaniita ofisini.

"Mwalimu Teodora, huyu Mboni hasomi namba kubwa. Maelfu anaita milioni, milioni anaandika maelfu. Kesho nampima mwenyewe. Akikosa, anabaki darasa la nne."

"Mwalimu, atakuwa anabaki mara ya pili."

"Sasa nifanyeje? Nimpandishe akateseke huko juu?"

Mboni ana miaka kumi na miwili, amewapita wenzake kwa kichwa kizima, na mama yake alishasema akibaki tena, atamwachisha shule akamsaidie kuanika dagaa.

Nikawabakiza yeye na wenzake watano. Nikachora kwa chaki vyumba saba kwenye sakafu ya baraza. Kutoka kulia kwangu: mamoja, makumi, mamia; kisha maelfu, makumi elfu, laki; na mwisho kabisa kushoto, milioni. Kila mtoto nikampa kipande cha boksi chenye tarakimu moja. Mboni alipata tatu.

"Milioni tatu, elfu arobaini na tano, mia mbili na kumi na sita. Kila mtu chumbani kwake!"

Mboni akaenda kusimama kwenye milioni, sawasawa kabisa. Nne akaingia makumi elfu, tano maelfu, mbili mamia, moja makumi, sita mamoja. Moyo ukatulia. Ndipo Mboni akageuza shingo, akaona chumba cha laki hakina mtu, akapiga hatua moja kulia, akaingia humo.

"Umefanya nini sasa?" Nilifoka. Uchovu ukizidi, mimi hufoka, sijivunii.

"Nimeziba pengo, mwalimu."

"Nani amekwambia uzibe?"

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe. Paredi."

Nikakaa kwenye ngazi. Mimi ndiye msimamizi wa paredi. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, mtoto asipofika nawapigia kelele waliobaki: zibeni pengo, sogeeni! Na Mboni, mtoto mtiifu kuliko wote, alikuwa anasogeza hata tarakimu. Daftari lake lote lilikuwa hivyo. Nililitia alama za kukosa mwaka mzima bila kumuuliza hata siku moja kwa nini.

"Sikiliza," nikasema taratibu. "Hapo uliposogea wewe si milioni tena. Wewe ni laki tatu. Someni."

"Elfu mia tatu arobaini na tano, mia mbili na kumi na sita," wakasoma.

"Umeona? Hatua moja tu. Kwenye namba hatuzibi pengo. Asiyekuwepo tunamwekea sifuri imshikie nafasi."

Nikachukua kipande chenye sifuri. Hakuna aliyetaka kukishika. Sifuri wanaijua kwenye karatasi zao za mtihani tu. Basi nikaenda mimi, nikasimama kwenye laki, miguu ikiniuma. Mboni akarudi kwenye milioni. Tulirudia kwa namba nyingine mpaka saa kumi na moja.

Kesho yake ofisini Mwalimu Chenge alimpa chaki na ubao mdogo. "Andika milioni tano, elfu saba, na themanini."

Mboni alichora vyumba saba kwanza. Akaweka tano kwenye milioni, saba kwenye maelfu, nane kwenye makumi. Akasita. Nilijiuma mdomo nisiseme. Akajaza sifuri kila palipobaki wazi: 5,007,080.

Mwalimu Chenge akaandika 704,009. "Na hii?"

Kidole cha Mboni kilianzia kulia, kikahesabu vyumba mpaka kwenye laki. "Haifiki milioni," alisema polepole. "Elfu mia saba na nne, na tisa."

Mwalimu Chenge akamtazama, akachukua orodha ya wanaobaki, akalikata jina lake. "Nenda. Mwezi wa kwanza utaingia la tano."

Tukatoka nje. Nilidhani atarukaruka, lakini alisimama tu akifuta chaki mikononi. Nami nilitaka kufurahi, nikajikuta nawaza ule mwaka mmoja aliokwisha kuurudia.

"Mboni, nisamehe."

"Kwa kosa gani, mwalimu?"

Hakuwa ananitega. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba mjinga ni yeye. Nikakaa naye pale barazani, na nikaanza kumweleza kosa langu lote, tangu mwanzo.