Chumvi Haikutosha

Mume wangu Azariah alipunguza chumvi ili itoshe samaki wote. Chumvi ndiyo huwatoa maji mwilini, kisha upepo na jua humalizia. Lakini tangu tuwaanike uchagani, ukungu haukuondoka pwani yetu ya Newfoundland.

Asubuhi mama mkwe, Keziah, alibonyeza nyama kando ya uti wa samaki mmoja. Kidole kikazama. Akakinusa.

“Azariah, ulitia chumvi au ulipita ukiwaonyesha tu?”

Azariah akacheka peke yake. “Jua likitoka watakauka, mama.”

“Watakauka ngozi. Ndani wanaoza.”

Tukabonyeza mmoja mmoja. Wote walikuwa laini, wakinuka. Tuliwarudisha baharini. Barafu ya kufunga bahari ilikuwa inakaribia, na ghalani hapakuwa na kingine cha kula.