Gele ya Mama Goke

Kifurushi kilifika nyumbani kwa Abeke wiki tatu kabla ya harusi, kikiwa na kitambaa kimoja tu cha gele, kilemba cha Kiyoruba. Ni aso-oke, nguo nzito ya kufumwa kwa mkono, rangi ya damu ya mzee, yenye uzi wa dhahabu. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Bimpe, shangazi wa bwana harusi: "Gele ya Mama Goke."

Abeke aliisoma akakaa chini. Mtaani kwao Ibadan, toka kwa muuza pilipili mpaka kwa imamu, hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mama Goke, vipi hali? Mama Goke, nifunge gele Jumamosi. Goke, bwana harusi huyo, hakumzaa yeye, hilo kila mtu alilijua. Alimkuta ana miaka minne kwa mume aliyeachwa na mkewe, mwanamke aliyekwenda London akasema atarudi baada ya Krismasi. Krismasi zilipita ishirini na mbili. Mume akafa, mtoto akabaki, na Abeke akamsomesha kwa vidole hivyo hivyo vya kufunga vilemba vya watu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wenye kusema hivyo ni wengi, wenye kukumbuka siku ya sherehe ni wachache.

Na kila mtu anajua, katika harusi ya Wayoruba, ukoo mzima huvaa rangi moja, lakini mama wa bwana harusi huvaa yake peke yake. Abeke akashona blauzi ya lesi rangi hiyo hiyo, shingo pana, mabega nje. Hakujali kuambiwa amevaa kisichana. Asubuhi ya siku yenyewe alisuka nywele mistari myembamba ya kulala kuelekea kisogoni, ili kitambaa kikae bila kivimbe, kisha akajifunga mwenyewe. Kwa kuwa shingo ya blauzi ilikuwa pana, alifungua mikunjo kama upepeo mpana ili kilemba kilingane na mabega. Alijitazama kiooni akacheka peke yake.

Alipoingia nyumbani kwa ukoo, aliongozwa hadi chumba cha wanawake. Kilijaa vilemba vya rangi ya kitunguu, rangi ya ukoo, vikisubiri kufungwa, na macho yote yalikuwa juu ya kichwa chake.

"Anti Abeke," Bimpe akasema taratibu. Hakusema Mama Goke. "Mbona umeivaa?"

"Nimeivaa nini?"

"Hiyo gele. Nilikutumia uinyooshe na kuizoea mikunjo yake, ili uje umfunge nayo."

"Nimfunge nani?"

Kwenye kiti mbele ya kioo alikuwa ameketi mwanamke aliyepakwa poda nzuri, blauzi yake ya damu ya mzee ina kola ndefu hadi kidevuni, marijani nyekundu zikining'inia juu yake. Hakuwa mgeni wa sura. Goke alikuwa na pua ile ile.

"Mama Goke amefika juzi," Bimpe akasema. "Nilidhani Goke mwenyewe alikuambia."

Goke mwenyewe hakusema. Watu wa aina hii huwa hawasemi. Huacha jambo liseme lenyewe, kisha wakashangaa kwa nini limepiga kelele. Abeke aliona aibu ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine mbele ya watu. Akainua mikono akaanza kuchomoa pini, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemsaidia. Kilemba kiliposhuka, mistari ya nywele zake ilibaki wazi, nyeusi kwa mvi, mbele ya wanawake wadogo aliowafunga siku za ndoa zao.

"Pole, dada," Yewande akamwambia kupitia kioo. Huyo ndiye mama mzazi. "Ila nilivyokuona ukiingia nimeipenda sana. Nifunge hivyo hivyo, upepeo mpana."

Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Abeke alijua, kabla hajagusa kitambaa, kitakachotokea. Kola ndefu, marijani, na nywele za bandia alizokuwa amezifunga fundo kubwa utosini. Weka upepeo mpana juu ya hayo yote, na shingo itamezwa. Atakaa kwenye meza ya mbele kama chungu kilichofunikwa sinia, na picha zitabaki vizazi na vizazi. Wala hakuna atakayemlaumu fundi. Mteja aliomba mwenyewe.

Abeke alikunjua kitambaa, akaipima ile kola kwa macho. Kisha kazi ikaishinda hasira yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hata chuki hakuiweza.

"Upepeo haukufai," akasema. "Shingo yako imefungwa. Shusha fundo la nywele mpaka kisogoni."

"Lakini wewe..."

"Mimi shingo yangu iko wazi. Shusha nywele, mama."

Alikipiga kitambaa pasi, akakigeuza upande wa pili kuficha alama za mikunjo yake. Akaweka ukingo juu kidogo ya nyusi, chini ya pale nywele za Yewande zilipopungua, akavuta nyuma, akakaza fundo kwenye kisogo. "Shika hapa. Usiachie." Kisha akapanga mikunjo myembamba, mmoja juu ya mwingine, ikipanda wima badala ya kutanuka, masikio nje, mbavu za kilemba zikielekea juu na nyuma kidogo. Shingo ikarefuka. Marijani zikaonekana. Chumba kizima kikaguna kwa raha.

"Yee! Mama wa bwana harusi!" mmoja akapiga vigelegele. "Leo London itakoma!"

Goke aliingia wakati huo huo, kanzu yake ya agbada ikifagia sakafu. Alilala kifudifudi miguuni pa Yewande kama inavyompasa mtoto wa kiume, na Yewande akambariki huku machozi yakimharibia poda. Aliponyanyuka, alimwona Abeke pembeni, pini zikiwa bado mdomoni. Akamvuta hadi mlangoni.

"Mama, nivumilie. Ni siku moja tu. Amekuja mbali."

Abeke alitema pini mkononi. "Ungeniambia, Goke."

"Ningeanzaje?"

Abeke alimnyooshea shingo ya agbada, akamwambia asichelewe. Alimpenda bado, na hapakuwa na dawa ya hilo.

Tatizo likabaki kichwa chake. Hakuna mwanamke wa heshima anayeingia ukumbini kichwa wazi, na vilemba vya rangi ya kitunguu vilikuwa vimegawiwa vyote. Kwenye orodha ya Bimpe ya kugawia vilemba, jina lake halikuwepo mahali popote. Msichana mmoja alitafuta katika mifuko akamletea kilichobaki, cha kijani kibichi. Kijani na damu ya mzee havikuelewana hata kidogo. Abeke alikifunga haraka, kidogo na kwa chini, kama mtu anayekwenda sokoni.

Mlangoni pa ukumbi alisimama kijana wa kupanga viti. Hakuuliza majina; alitazama vichwa tu. Dhahabu, watu wa bibi harusi, huku; kitunguu kule mbele. Alipomfikia Abeke akatabasamu kwa adabu.

"Kijani ni marafiki wa bibi harusi, mama. Meza za nyuma, karibu na jenereta. Wewe ni rafiki wa bibi harusi, siyo?"

Watu walikuwa wengi nyuma yake, wakisukumana. Mbele, mbali, Goke alikuwa akicheza akiingia na mama yake, na kilemba kile kilikaa vizuri sana.

"Ndiyo," Abeke akasema, akaenda kukaa.