Mwanga Ukutani Saa Saba Mchana

Tangu Gozbert azikwe Bukoba, siku arobaini na mbili sasa, mkewe Apolonia alikuwa akiona mwanga ukutani. Haukuja usiku. Ulikuja mchana kweupe, amejinyoosha ndani ya chandarua, mapazia yameshushwa, Kimara yote imezubaa kwa joto. Juu ya kabati la vyombo ukuta ulikuwa ukifanya weupe wa kisamawati, ukitetemeka kidogo, kisha ukizimika. Sauti hakuna. Akajiambia ni marehemu mwenyewe amekuja kuchungulia, akawa anajifunika kanga usoni mpaka upite.

Ijumaa hiyo ulikuja ukifuatana, mara tano, sita. Apolonia akasali chini ya kanga, jasho likimwingia masikioni. Ulipozimika mara ya nane, simu iliyoegeshwa kwenye meza ya kujipambia ikalia.

Akafunua uso. Kwenye kioo cha simu: Baba Vaileth.

Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Alitaka ajifunike tena. Lakini mume wa miaka thelathini na minne, angemkatalia vipi? Akapokea. Upande wa pili mtu alikuwa akihema.

"Mama, ni mie Vaileth. Njoo na ule ufunguo wa akiba. Damu inatoka, siwezi kusimama."

Binti yake huyo, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo. Apolonia alikwenda na kandambili moja mguuni.

Jioni hospitalini daktari alisema mama na mtoto wote wapo, ila robo saa zaidi ingekuwa habari nyingine. Vaileth alikuwa amepiga weee, mwisho akadhani namba yake ndiyo mbovu, akajikokota mpaka kwenye begi la nguo za marehemu alilolitunza tangu msiba na kuiwasha simu ya baba yake.

Adelard, mumewe Vaileth, akaomba simu ya mkwewe aikague. Kulikuwa na ratiba ya Usinisumbue, ya kuinyamazisha simu, saa saba mpaka saa kumi, kila siku; marehemu aliiweka ili mkewe alale mchana. Wanaoruhusiwa kulia ni wenye nyota tu, na mwenye nyota alikuwa mmoja, yeye mwenyewe. Hata ile ruhusa ya kumpitisha anayepiga mara mbili mfululizo aliizima. Arifa za simu za WhatsApp nazo zilikuwa Kimya saa zote; hizo Apolonia alizinyamazisha mwenyewe siku za msiba.

Adelard akasoma waliopiga. Leo Vaileth, mara nane. Jana shangazi wa Bukoba. Juzi Monica wa jumuiya. Wote saa zilezile za mwanga: simu iliwaka bila kulia, kioo chake kikaangaza ukutani.

"Kumbe walikuwa wazima," Apolonia akasema, "na mie najifunika."

Adelard akamwekea Vaileth nyota, na shangazi, akajiwekea na yeye. Akauliza taratibu kama nyota ya marehemu aiache.

"Itoe, mwanangu. Leo aliyehema alikuwa Vaileth."